Uzi: Lipstiki na rangi ya kucha kwenye picha za akili mnemba, rangi haitoki ilivyo. Tusaidiane

Dada_Kabwe (Mbeya)
Wakuu, habari za jioni. Kuna mama ana duka la vipodozi pale Mwanjelwa, anataka katalogi ya kutuma WhatsApp. Bidhaa ni mbili: lipstiki ya maji inayokauka, rangi yake ni nyekundu iliyopoa kama tofali lililochomwa, na rangi ya kucha ya rangi hiyohiyo. Bajeti ya modo na mpiga picha hakuna, kwa hiyo natengeneza kwa akili mnemba. Prompti yangu ndiyo hii:

```
beautiful African woman, brick red matte lipstick, glossy lips, 8k, #8A3B3A
```

Inatoka nyekundu ya kuwaka. Nikisema iwe nyeusi kidogo inarukia damu ya mzee. Kucha zinatoka zambarau, na nikiomba sampuli ya rangi kwenye mkono inakuja kama mtu kapaka kwa brashi ya ukutani. Mama mwenye duka kasema wazi: mteja akija na picha kwenye simu akakuta rangi nyingine kabatini, atarudisha mzigo. Naombeni njia.

Kihesa_Digito (Iringa)
Kamwene dada. Ondoa maneno mengi, acha ile namba ya hex peke yake, maana ndiyo rangi yenyewe. Halafu panda na `guidance` mpaka 12 ili mashine ikutii. Ongeza "accurate color, exact shade". Itakaa sawa.

Fundi_Uyole (Mbeya)
Dada Kabwe, salaam. Kaka Kihesa, hapo kuna moja la kuchukua na moja la kuacha.

La kuchukua ni kupunguza maneno. Prompti ya dada ina "matte" na "glossy" ndani ya mstari mmoja. Lipstiki haiwezi kuwa kavu na yenye kung'aa kwa wakati mmoja, na mashine ikikuta maneno mawili yanayovutana inachanganya: inakupa mdomo mkavu wenye madoa meupe yasiyo na chanzo. Kwa kuwa bidhaa ni kavu, "glossy" ing'oke.

La kuacha ni `guidance`. Kuipandisha hakuleti utii wa rangi, kunaleta rangi kali na vivuli vizito. Kwa miundo ya kutengeneza picha ya ukoo wa SDXL baki kati ya 5 na 7. Ukiweka 12, nyekundu yoyote inakuwa ya kuwaka, na ndicho anacholalamikia dada.

Hiyo hex nayo, miundo mingi inaisoma kama herufi tu. Imejifunza kutokana na picha zenye maelezo ya maneno, na ni nadra mtu kuandika `#8A3B3A` chini ya picha ya mdomo. Miundo mipya kadhaa inajitangaza kwamba inaelewa hex. Sawa, ijaribu, lakini pima kilichotoka kabla hujaamini.

Kwa kazi ya duka mimi nagawa hivi. Prompti ibebe umbo, mwanga, ngozi na aina ya mng'ao. Rangi kamili tunaiweka baadaye kwa mkono, kwa kupima. Ukitaka prompti peke yake ikupe rangi ileile mara zote, utatengeneza picha usiku kucha na hutaipata.

Kabla sijaendelea: hiyo hex umeitoa wapi?

Tunduma_Jumla
Samahani wakuu, hizo lipstiki za maji dazeni mnachukua shilingi ngapi? Mimi napakia Tunduma, nina rangi zote, hadi kahawia.

Dada_Kabwe
Kaka wa Tunduma, uzi huu ni wa kutengeneza picha, lakini nitampa mama mwenye duka taarifa zako.

Fundi, hex niliitoa kwenye picha niliyopiga dukani. Nilipaka mkononi, nikapiga, nikagusa rangi kwa ile alama ya kudondoshea.

Fundi_Uyole
Ulipigia wapi? Ndani ya duka, nje, au chini ya turubai?

Dada_Kabwe
Mlangoni, chini ya turubai la bluu. Mvua ilikuwa inanyunya.

Fundi_Uyole
Basi hiyo namba tuiweke pembeni kwanza. Turubai la bluu linachuja mwanga, linapaka kila kitu bluu. Nyekundu ya tofali chini yake inaelekea zambarau. Simu nayo inajaribu kusahihisha kivyake, kwa hiyo hujui ni kiasi gani kimebaki. Hata bila turubai, siku ya wingu zito Mbeya mwanga wa angani una ubluu wake, na ukisogea karibu na ukuta uliopakwa rangi ya udongo unapata uwekundu wa bandia upande mmoja wa mkono.

Fanya hivi kesho. Tafuta kivuli cha wazi, mfano baraza linalotazama anga, mbali na ukuta wa rangi na mbali na turubai. Paka ndani ya mkono, chini ya kiwiko, mara tatu ili ngozi isionekane kupitia rangi. Subiri ikauke kabisa, maana hizi za maji nyingi zinabadilika zikikauka, na mara nyingi zinakuwa nyeusi zaidi ya zilivyokuwa mbichi. Weka kadi ya kijivu ya wapiga picha sambamba na mkono, ipate mwanga uleule. Karatasi nyeupe ya kuchapia usiitumie, ina kemikali ya kuifanya ionekane nyeupe zaidi na inarudisha ubluu, kwa hiyo ukiifuata itakuvuta upande wa njano. Zima filta ya urembo na HDR.

Ukifungua kwenye programu ya picha ya GIMP, kama inauliza kuhusu wasifu wa rangi, ruhusu igeuze kuwa sRGB. Simu kadhaa zinahifadhi kwa wasifu mpana zaidi, na ukisoma namba bila kugeuza unapata rangi isiyo ya kweli. Halafu ingia `Colors > Levels`, chukua kidondoshi cha kijivu cha katikati, gusa kadi. Kadi ikisoma R, G na B zinazolingana, uko tayari kupima lipstiki.

Kwenye kidondoshi washa `Sample average`, nusu kipenyo cha pikseli 15 hivi, ili usipime kinyweleo kimoja. Na usisome hex. Badilisha kisanduku cha namba kisome LCh. Tuletee namba tatu.

Kihesa_Digito
Kwa nini LCh, mkuu? Hex si ni rangi ileile?

Fundi_Uyole
Ni ileile, ila hex haikuambii umekosea wapi. LCh inatenganisha: L ni mwanga wa rangi, C ni ukolezo, h ni upande wa rangi, yaani kama nyekundu inaelekea chungwa au waridi. Ukiwa na namba tatu za bidhaa na tatu za picha ya mashine, unaona moja kwa moja ipi imeruka. Subiri dada alete zake utaona.

Dada_Kabwe
Nimerudi. Nimepigia barazani kwa jirani, kadi nimeazima studio ya mtaa wa Soweto hapa Mbeya. Baada ya kusahihisha: L 36, C 38, h 27. Nikiangalia hex inasoma `#8a3b3a`, kumbe imerudi palepale!

Fundi_Uyole
Safi, basi safari hii simu ilikuwa imesahihisha turubai vizuri. Usiitegemee siku nyingine. Sasa tengeneza mdomo upya kwa prompti hii, bila hex:

```
close-up of closed lips, deep brown skin, upper lip naturally darker,
muted dusty brick red lipstick, dry velvety finish, no shine,
soft window light from the left, fine vertical lip lines visible,
white cotton top, plain grey background
```

Nieleze machache. "Muted" na "dusty" ndiyo maneno yanayopunguza ukolezo, "brick red" peke yake ina makali. Majina ya matunda na vinywaji yaogope: ukiandika "cherry" unaweza kuletewa cheri zenyewe mezani, na "wine" inaweza kukuletea glasi. Jina la bidhaa au namba ya shedi haina maana kwa mashine, au inaandikwa kwenye picha kama maandishi ya ovyo.

Nguo nyeupe na mandhari ya kijivu vimewekwa makusudi. Rangi ya mdomo ina tabia ya kumwagikia nguo, mashavu, hata ukuta, kama vitu hivyo havijapewa rangi yake. Ukivitaja, vinatulia. Na kijivu kinakusaidia kuona kama picha nzima imeelemea upande mmoja wa rangi.

Hiyo ya mdomo wa juu kuwa mweusi zaidi usiiache. Wengi wetu midomo yetu ina rangi mbili, wa juu umekolea na wa chini una uwaridi. Mashine ikiachwa inatengeneza midomo yote sawasawa kama ya mwanasesere, na mteja anahisi uongo bila kujua uko wapi.

Ikitoka, pima mdomo wa chini, pembeni kidogo ya katikati, pasipo na mng'ao wala kivuli.

Dada_Kabwe
Imetoka nzuri sana kwa umbo, ngozi ni ngozi kweli. Rangi bado kali. L 40, C 64, h 30.

Fundi_Uyole
Tazameni sasa, na kaka Kihesa hili ndilo jibu lako. L imepishana 4, h imepishana 3, hizo ni kidogo. C imezidi kwa 26. Macho yalikuwa yanasema "imewaka mno", dada akaomba iwe nyeusi, mashine ikashusha L, nyekundu ikawa damu ya mzee. Shida haikuwa weusi hata kidogo. Ilikuwa ukolezo.

Kihesa_Digito
Nimeelewa. Basi ni rahisi: `Colors > Hue-Chroma`, Chroma weka -26, Lightness -4, Hue -3. Kwisha.

Fundi_Uyole
Karibu kabisa. Hue -3 iko sawa. Chroma -26 itakuletea shida kwenye pembe za mdomo. Kule kwenye kivuli ukolezo wenyewe ni mdogo, labda 25 au chini yake. Ukitoa 26 unabaki na sifuri, pembe zinakuwa za kijivu kama majivu. Ukolezo upunguzwe kwa uwiano: `Colors > Saturation`, `Scale` 0.6, kwa sababu 38 ni kama sita ya kumi ya 64. Kivuli kinapungua kwa kiasi chake, nyeupe inabaki nyeupe.

Lightness nayo usiishushe yote pamoja. Tumia `Curves`, nukta ya juu kabisa iache palepale, vuta katikati chini kidogo mpaka L isome 36. Hivyo sehemu zenye mng'ao hazifi.

Kabla ya yote chagua midomo tu kwa mkono, lainisha ukingo pikseli 3 au 4 kama picha ni ya 1024. Usilainishe zaidi, rangi ya ngozi inayozunguka mdomo itapauka na utaona kama mduara wa unga. Ukimaliza pima tena mahali palepale. Tofauti ya 2 au 3 kwa kila namba, mteja kwenye simu haioni.

Dada_Kabwe
Imekubali! L 36, C 39, h 27. Nimeweka mkono wangu wenye lipstiki pembeni ya skrini nikaona ni kitu kimoja.

MamaKucha_Njombe
Wanangu, kabla hamjashangilia, zimeni kile kichujio cha kulinda macho kwenye simu. Kinageuza skrini kuwa ya njano. Wateja wangu hapa Njombe wanakuja na picha ya kucha, ukimwambia azime, anaona rangi nyingine kabisa.

Mimi kompyuta siijui sana, nafuatilia mwanangu anavyotengeneza. Ila kucha nazijua, na picha zenu za kucha zina makosa ambayo fundi wa kucha akiona anacheka. Niseme?

Fundi_Uyole
Shikamoo mama. Tafadhali sema.

MamaKucha_Njombe
Marahaba. La kwanza ni shina la kucha. Fundi anayejua haigusishi rangi na nyama. Anaacha uwazi mwembamba, kama milimita moja, unaofuata mkunjo wa shina. Picha zenu ama rangi imefurika juu ya ngozi, ama mstari umenyooka kama rula.

La pili ni mng'ao. Kucha imepinda kama bomba lililokatwa. Mwanga wa dirisha juu yake unakuwa mstari mrefu unaofuata urefu wa kucha, na unahama. Kidole cha shahada unakuwa upande mmoja, cha mwisho unakuwa upande mwingine kidogo, kwa sababu vidole havitazami mahali pamoja. Dole gumba ndiyo limegeuka kabisa. Nyinyi mnaleta kucha tano zenye doa moja jeupe katikati, zote sawa. Hiyo ni plastiki.

La tatu, unene. Rangi ya krimu koti mbili inafunika, huoni ncha nyeupe ya kucha chini. Ile laini inayopenyeza mwanga, hata koti tatu bado ncha inaonekana kwa mbali. Ukinionyesha rangi ya kupenyeza halafu ncha haionekani kabisa, najua hujawahi kuipaka. Na ya kupenyeza kwenye chupa huwa imekolea kuliko kwenye kucha, kwa sababu chupani imejaa unene. Ya krimu chupa na kucha zinakaribiana.

Fundi_Uyole
Mama umetupa kazi nzima. Dada Kabwe, hayo yageuze prompti hivi:

```
one relaxed hand, short oval natural nails, opaque creme nail polish,
muted dusty brick red, two coats, thin clean gap at the cuticle,
single window on the left, one long narrow reflection along each nail,
reflection shifting with each finger's angle, grey cloth
```

Hapa neno "glossy" halina kazi kubwa. Mng'ao ni picha ya chanzo cha mwanga, kwa hiyo ukitaka mng'ao wa kuaminika taja chanzo: kiko wapi, kimoja au viwili, kipana au chembamba. Ukirundika "shiny, wet, ultra glossy" mashine inatupa madoa kila mahali. Ukisema dirisha moja kushoto, inajipanga.

Kipimo cha haraka cha mng'ao: kwenye rangi ya krimu yenye topkoti, sehemu inayong'aa huwa karibu nyeupe, rangi ya mwanga wenyewe, na ukingo wake ni mkali. Ukikuta mng'ao una uwekundu, macho yanaona chuma au rangi yenye vumbi la kumeta, na hiyo ni bidhaa nyingine. Lipstiki kavu haina ukingo mkali popote, ina sehemu pana iliyopauka kidogo basi. Kati ya hizo mbili kuna zile za satini, mng'ao upo lakini ukingo umeyeyuka.

Kupima kucha, epuka huo mstari. Pima pembeni yake kwenye sehemu iliyotulia, kucha mbili au tatu, kwa sababu mashine inaweza kukupa kidole kimoja chenye rangi tofauti na wenzake.

Dada_Kabwe
Na ile zambarau ilitokea wapi? Neno lilikuwa lilelile.

Fundi_Uyole
Bila kuiona picha siwezi kusema kwa uhakika. Angalia kwanza kitu cha kijivu au cheupe ndani ya picha hiyohiyo, kisome. Kama nacho kina ubluu, ni mwanga wa picha nzima, rekebisha kwa `Levels` kama ulivyofanya kwenye picha ya mkono. Kama kijivu kiko sawa, basi ni rangi ya kucha yenyewe imehama, h itakuwa imeshuka hadi karibu na 0 au imepita kwenda 350. Hapo chagua kucha na usogeze Hue tu.

Makambako_Stendi
Mimi kesi yangu inafanana. Natengenezea saluni picha za zile za jeli za sumaku, zenye mstari kama jicho la paka. Nimepima kama mlivyosema, kila nikigusa napata namba tofauti. Nichukue ipi?

MamaKucha_Njombe
Hiyo mwanangu haina rangi moja. Ndani yake kuna chembe zinazovutwa na sumaku, zikilala upande huu zinang'aa, upande ule zinazama. Ukigeuza kidole mstari unatembea.

Fundi_Uyole
Mama kamaliza. Pima mara mbili: rangi ya chini iliyozama, na rangi ya katikati ya mstari. Rekebisha kila moja kwa uchaguzi wake. Za krome ni ngumu zaidi, zile zinaakisi chumba, kwa hiyo ukibadilisha mandhari umebadilisha rangi. Kwa krome mimi bado sina njia ninayoweza kumpa mwenye duka nikalala usingizi.

Dada_Kabwe
Limebaki moja, sampuli ya mkononi. Nimeomba hivi: "three lipstick swatches, 1 cm wide, 4 cm long". Zinakuja nne, au mbili, zote zimenyooka kama vibandiko.

Fundi_Uyole
Sentimita mashine haizijui. Tumia kulinganisha na mwili: "slightly narrower than a fingertip". Kijiti cha lipstiki cha kawaida kina upana wa kama milimita 12, kwa hiyo hiyo inakaa sawa. Yako ni ya maji, ina kibrashi cha sponji, mchirizi wake ni mwembamba zaidi na mwanzo wake una tone nene. Omba mmoja mmoja, usiombe mitatu. Halafu taja kasoro: mwanzo mzito, mwisho umechanikachanika, mistari ya ngozi inaonekana chini ya rangi. Sampuli iliyopakwa mara moja ionyeshe ngozi, ya mara tatu izibe.

```
one liquid lipstick swatch on inner forearm, deep brown skin,
much narrower than a fingertip, thick rounded start, thin broken end,
skin lines visible under the color, open shade
```

Usinakili mchirizi mmoja mara tatu kwa rangi tatu. Mtu anaona ukingo uleule umejirudia.

MamaKucha_Njombe
Mimi hapo nakataa. Mdomo wa modo hata ukiwa wa kutengeneza, mteja anajua ni tangazo. Lakini sampuli ya mkononi ni ushahidi. Mteja anaitazama ili ajue itakaaje kwenye ngozi. Ukimtengenezea ushahidi umemdanganya, hata rangi iwe sawa kwa hizo namba zenu. Dada amepaka mkononi, amepiga picha nzuri yenye kadi. Kwa nini asiitumie hiyohiyo?

Kihesa_Digito
Mama, ana mkono mmoja na rangi ya ngozi moja. Wateja ni weupe, maji ya kunde, weusi. Akitaka kuwaonyesha wote atafanyaje bila mashine?

MamaKucha_Njombe
Amuite shangazi na jirani. Mwanjelwa hakuna uhaba wa mikono.

Fundi_Uyole
Kwenye hili niko na mama kwa sehemu kubwa, na sababu ni ya kiufundi pia. Kupima kwetu kulikuwa kwa rangi iliyoziba, mara tatu. Ikipakwa mara moja, rangi ya ngozi inachangia, na kiasi gani inachangia kinategemea bidhaa yenyewe. Mashine haijawahi kuiona hiyo lipstiki, kwa hiyo inabuni. Kwa hiyo kwenye ngozi nyingine huna namba ya kusahihishia mpaka upake kwenye ngozi hiyo, na ukishapaka, picha unayo tayari.

Ninachoweza kukubali ni kutumia mashine kuzunguka sampuli halisi. Chukua picha ya mkono wa dada, ziba mkono mzima kwa maski usiguswe, halafu badilisha mandhari tu: ondoa baraza, weka kitambaa cha kijivu. Mwanga wa mandhari mpya utajwe laini na wa kivuli kama ule wa barazani, la sivyo mkono utaonekana umebandikwa. Ukimaliza pima sampuli tena. Isipobadilika hata namba moja, maski ilishika.

Kihesa_Digito
Mimi bado naona kwa rangi iliyoziba inawezekana kutengeneza, mradi iandikwe chini "picha ya mfano". Koti tatu ni koti tatu kwenye ngozi yoyote.

Fundi_Uyole
Kwa zinazoziba kweli una hoja, kaka. Ila jicho linaiona nyekundu ileile tofauti ikizungukwa na ngozi nyeusi na ikizungukwa na nyeupe, namba zikiwa zilezile. Hapo sijui mteja atakuwa anapima nini.

Dada_Kabwe
Nimeongea na mama mwenye duka. Mdomo na kucha tutatumia za kutengeneza, na chini tutaandika ni picha za mfano. Sampuli zitakuwa za mikono halisi, amesema mabinti watatu wa dukani watajitolea, wana rangi tofauti. Swali langu la mwisho: nikishahifadhi, WhatsApp haiharibu?

Fundi_Uyole
Inabana picha, lakini rangi ya sehemu kubwa kama mdomo haihami sana. Hatari ni wasifu. Hamisha kutoka GIMP kama JPEG ikiwa sRGB, ubora 90. Jitumie mwenyewe kwanza, pakua ile iliyofika, ifungue, pima mdomo. Ukiona C imepanda au imeshuka zaidi ya 3, kuna wasifu haukugeuzwa mahali.

Tunduma_Jumla
Wakuu nimesoma uzi wote. Kumbe ndiyo maana wateja wangu wa Mbozi wananirudishia kahawia wakisema kwenye picha ilikuwa na uwekundu. Mimi napigia ndani ya gari, viti vyekundu. Hiyo kadi ya kijivu hapa Tunduma inapatikana?

Dada_Kabwe
Mimi niliazima studio. Ulizia wapiga picha wa pasipoti hapo mpakani, baadhi yao wanazo. Na toka kwenye gari kaka.